Kiashiria cha kabichi nyekundu: maji ya kuchemsha, spiriti au karatasi?

Kabichi nyekundu moja inaweza kukupa viashiria vitatu vya pH ambavyo havifanani. Ukiichemsha unapata maji ya zambarau yanayosomeka vizuri kuliko vyote, lakini huharibika baada ya siku chache. Ukiilowesha kwenye spiriti unapata rangi inayodumu wiki kadhaa, ila ya katikati huwa imepauka. Ukichovya karatasi kwenye maji yake na kuianika, unapata vipande vya kubeba mfukoni, lakini uwezo wa kutofautisha rangi zinazokaribiana unapungua sana. Upande wa asidi vyote vitatu vinakubaliana: siki ni nyekundu au waridi popote utakapoipima. Vinaachana kwenye kijani, kwa hiyo kabla ya kuchagua ni vema kuielewa kijani yenyewe.

Kwa nini kijani ndiyo inayosumbua

Rangi ya kabichi hii inatoka kwenye kundi la kemikali liitwalo anthosiyanini. Penye asidi kali molekuli zake hubeba chaji chanya na kuonekana nyekundu. Asidi ikipungua zinapoteza hidrojeni hatua kwa hatua, na wekundu unageuka urujuani, kisha zambarau, kisha buluu. Hadi hapo mabadiliko yanarudi nyuma bila shida: tia siki kwenye maji ya buluu na wekundu unarejea.

Kijani ni jambo jingine. Penye besi kali sehemu ya molekuli hufunguka na kuwa kitu kingine chenye rangi ya njano. Kijani unachokiona ni buluu iliyobaki ikichanganyika na njano inayoongezeka. Ndiyo maana kijani hakitulii. Kwenye pH ya 10 hukaa kwa muda wa kukutosha kusoma. Kwenye 12 au zaidi huanza kuelekea njano ndani ya dakika, na kadiri besi inavyokuwa kali ndivyo inavyokwenda haraka. Mtu anayerudi baada ya saa moja akakuta njano, akaandika kwamba sampuli yake ni kali kuliko ya jirani iliyobaki kijani, huenda amepima muda tu.

Hata hivyo kijani ni alama ya kuaminika kwa swali la awali la kama kitu ni besi au la. Robert Boyle aliandika mwaka 1664 kuhusu sharubati ya maua ya urujuani iliyogeuka nyekundu kwa asidi na kijani kwa alkali, na rangi ya maua yale ni ya ukoo huuhuu wa anthosiyanini.

Kwanza tengeneza ngazi ya rangi

Picha za rangi zinazosambaa mtandaoni hazitakusaidia sana, kwa sababu kila kabichi, kila kiasi cha maji na kila mwanga wa chumba hubadilisha rangi kidogo. Chombo chochote kati ya vile vitatu kinahitaji ngazi yake: vimiminika vichache ambavyo pH yake unaijua, uvipime pamoja na sampuli yako kwa kiashiria kilekile. Viungo viwili vya jikoni vinatosha, yaani siki nyeupe ya asilimia 5 na bikaboneti ya sodiamu, ile soda ya kuokea. Usichukue unga wa kuokea uliochanganywa, kwa kuwa una asidi na wanga ndani yake.

Siki ya asilimia 5 ikiwa yenyewe ina pH ya karibu 2.4. Chukua mililita 100 za siki hiyo na utie gramu 3.5 za bikaboneti kidogo kidogo mpaka povu liishe, kisha ipashe moto kidogo kuondoa gesi iliyobaki. Hapo umezima nusu ya asidi, na mchanganyiko hukaa karibu na 4.7. Uzuri wake ni kwamba pH hii haiyumbi hata ukikosea vipimo kidogo. Kipandio kinachofuata ni gramu 1 ya bikaboneti kwenye mililita 100 za maji yaliyosafishwa kwa mvuke, ambayo ni karibu 8.3.

Kwa kijani unahitaji kaboneti ya sodiamu. Tandaza gramu 20 za bikaboneti kwenye sinia ya kioo au ya chuma kisichoshika kutu, weka kwenye oveni ya nyuzi 200 za Selsiasi kwa saa moja, kisha upime uzito. Ikibaki karibu gramu 12.6, yote imegeuka. Ikiwa bado nzito, irudishe. Usitumie sinia ya alumini, kaboneti itaila. Gramu 1 ya kaboneti hii kwenye mililita 100 za maji inakupa takriban 11.6. Ukiongeza gramu 0.8 za bikaboneti kwenye mililita 100 nyingine za aina hiyo, pH inashuka hadi karibu 10.

Katikati, kwenye 7, hatuweki kipandio. Maji safi hayana nguvu ya kushikilia pH yake, na ukiyatilia kiashiria yatafuata pH ya kiashiria. Maji ya kabichi yenyewe huwa karibu na 6, kwa hiyo rangi yake ya zambarau ndiyo alama yako ya katikati.

Hivi ndivyo vyombo vitatu vinavyosoma ngazi hiyo, ndani ya dakika 2 za kwanza:

| Kipandio | Maji ya kuchemsha | Spiriti | Karatasi |
|---|---|---|---|
| 2.4 | nyekundu iliyoegemea waridi | nyekundu iliyoegemea waridi | waridi |
| 4.7 | urujuani yenye wekundu | urujuani iliyopauka | karibu sawa na karatasi kavu |
| karibu 6 | zambarau | zambarau hafifu | zambarau ya kijivu |
| 8.3 | buluu | buluu hafifu | samawati iliyofifia |
| 10 | feruzi, kati ya buluu na kijani | feruzi | kijani hafifu |
| 11.6 | kijani | kijani | kijani, njano pembeni |

Maji ya kuchemsha

Katakata gramu 200 za kabichi iwe vipande vyembamba. Chemsha mililita 400 za maji yaliyosafishwa kwa mvuke, tia kabichi, punguza moto na uache itokote taratibu kwa dakika 10. Zima, funika, subiri ipoe kama nusu saa, kisha chuja kwa chujio na mara ya pili kwa karatasi ya kuchujia kahawa. Ukikamua vipande kwa nguvu maji yatakuwa na ukungu, na ukungu hukufanya usione tofauti ya buluu na kijani. Afadhali upate maji machache yaliyo maangavu.

Mambo mawili huharibu hatua hii, na yote mawili yanaonekana kwa macho. La kwanza ni maji ya bomba au ya kisima yenye bikaboneti nyingi. Kabichi ikianza kutoa maji ya buluu badala ya zambarau, kosa liko kwenye maji. Unaweza kushawishika kuyarudisha kwa matone ya siki. Usifanye hivyo. Rangi itapendeza, lakini sasa kiashiria chako kina siki na bikaboneti ndani, na sampuli dhaifu haitaweza kukisogeza. Yamwage, uanze na maji safi.

La pili ni sufuria. Ioni za alumini na za chuma hujishika na anthosiyanini na kuivuta upande wa buluu, bila pH kubadilika. Tumia sufuria ya enameli, kioo au chuma kisichoshika kutu. Kuchemsha kupita kiasi nako kuna gharama: baada ya nusu saa na zaidi harufu ya kiberiti inakuwa kali, na zambarau huanza kuchukua ukahawia ambao hauondoki.

Wapo wanaokwepa moto kwa kusaga kabichi na maji baridi kwenye blenda. Rangi hutoka, na kama una dakika 5 tu inafaa, lakini chembe laini hupita kwenye chujio. Tunaona njia hiyo inafaa kwa kuonyesha asidi na besi mbele ya watu, si kwa kusoma vipandio.

Kosa linalotokea sana kwenye kupima ni kumimina kiashiria kingi. Maji mazito huonekana meusi, na jicho halitofautishi zambarau nyeusi na buluu nyeusi. Yapunguze mpaka uweze kusoma maandishi kupitia glasi nyembamba yenye maji hayo. Kisha weka mililita 5 za sampuli na mililita 1 ya kiashiria, ukipima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Kama sampuli ni dhaifu, mfano maji ya mvua, geuza hesabu: mililita 20 za sampuli na matone 5 ya kiashiria. Weka karatasi nyeupe nyuma, na usome kwa mwanga wa mchana, kwa kuwa balbu za njano hukopesha buluu ukijani.

Spiriti

Chukua gramu 50 za kabichi iliyokatwa ndogo sana na mililita 100 za spiriti isiyo na rangi, ya asilimia 70 au zaidi. Weka kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, tikisa, acha gizani kwa saa 2 hadi 3, ukitikisa tena kila unapokumbuka, kisha chuja. Usiweke karibu na moto. Ukitaka kuharakisha, simamisha chupa kwenye bakuli la maji ya vuguvugu, kifuniko kikiwa kimelegezwa, mbali na jiko lililowashwa. Spiriti ya kuwashia iliyotiwa rangi ya urujuani haifai kabisa: rangi yake itakudanganya katikati ya ngazi, na mara nyingi ina methanoli ambayo ni sumu.

Faida yake ni kutooza. Kabichi ni maji kwa sehemu kubwa, takriban sehemu 9 kwa 10, kwa hiyo spiriti ya asilimia 70 hushuka hadi chini kidogo ya asilimia 50 baada ya kulowesha. Hiyo bado inazuia ukungu na bakteria, na kwenye chupa iliyofungwa vizuri, gizani na pa baridi, rangi hukaa wiki kadhaa. Huduma hiyo maji ya kuchemsha hayana.

Unacholipa ni ung'avu. Kwenye spiriti zambarau na buluu hupauka, na pengo kati ya 4.7 na 6 linakuwa gumu kuona. Dawa yake ni kutumia matone machache ndani ya sampuli yenye maji mengi, tone 1 kwa kila mililita 1, ili spiriti iwe kidogo kwenye mchanganyiko. Angalia pia sampuli zenye kaboneti nyingi: spiriti inaweza kuifanya chumvi ijitenge, ukaona weupe kama maziwa. Weupe huo hauna uhusiano na pH. Punguza sampuli kwa maji, upime tena.

Karatasi

Hapa uchaguzi wa karatasi una uzito kuliko uchaguzi wa kabichi. Karatasi nyingi za kuandikia na kuchapia zimejazwa kaboneti ya kalisi, nayo ni besi. Ukiichovya kwenye maji ya zambarau itageuka buluu au ya kijani kabla hujapima chochote, na itazima asidi dhaifu zote. Tumia karatasi ya chujio la kahawa iliyo nyeupe, au ya chujio la maabara. Jaribio ni rahisi: chovya kipande kimoja, ngoja dakika 10. Kikibaki zambarau, endelea.

Kwa karatasi maji yanatakiwa yawe mazito. Tumia gramu 200 za kabichi kwa mililita 200 za maji, kwa utaratibu uleule wa dakika 10. Usijaribu kuyafanya mazito kwa kuyachemsha mpaka yapungue, maana joto la muda mrefu hula rangi. Lowesha karatasi dakika 10, ianike gizani mbali na jua, kisha irudie mara ya pili. Ikikauka ikate vipande vya sentimita 1 kwa 6, uvifungie kwenye chupa kavu. Vishike ncha kwa mikono iliyokauka.

Kupima ni kwa kudondosha, si kwa kuchovya. Ukichovya, rangi inahamia kwenye sampuli. Dondosha tone moja katikati na usome kati ya sekunde 10 na 15, karatasi ikiwa bado mbichi. Tone linapotambaa husukuma rangi kuelekea ukingoni, likaacha duara: katikati pameoshwa, pembeni pamekolea. Mtu anayesoma ukingo anapata jibu tofauti na anayesoma katikati. Soma katikati siku zote, na vipandio vya ngazi visome vivyo hivyo.

Sampuli moja, majibu matatu

Chukua gramu 1 ya sabuni ya mche, ikwangue, iyeyushe kwenye mililita 100 za maji yaliyosafishwa kwa mvuke yenye uvuguvugu, na uache ipoe. Sabuni za kawaida huangukia kati ya 9 na 10 hivi.

Kwenye maji ya kuchemsha, mililita 5 za maji ya sabuni na 1 ya kiashiria hutoa buluu inayoanza kupata ukijani. Ukiweka glasi hiyo kati ya kipandio cha 8.3 na cha 10, unaiona ikiwa na ukijani zaidi ya ule wa kwanza na buluu zaidi ya ule wa pili. Jibu la haki ni "kati ya 8.3 na 10, karibu na 9", na hilo linatosha kutofautisha sabuni na bikaboneti. Spiriti inafika jibu hilohilo, lakini inabidi uangalie kwa makini zaidi, na maji ya sabuni yenye ukungu huongeza ugumu. Karatasi inakuambia samawati au kijani hafifu, yaani "besi, si kali". Ukiulizwa kama ni 8.3 au 10, huna la kujibu.

Kiashiria kitie kwenye sampuli na kwenye vipandio kwa wakati mmoja, na usome ndani ya dakika 2. Vipandio vya kijani vilivyotiwa kiashiria tangu asubuhi vimeshaanza kuwa njano, na ukilinganisha navyo utaipa sabuni pH ya chini kuliko ilivyo.

Ukikuta njano na huna uhakika kama ni besi kali au rangi iliyokufa, ongeza siki kidogo kidogo. Wekundu ukirudi kwa nguvu, anthosiyanini ilikuwa hai. Ukirudi waridi hafifu tu, sehemu kubwa ilikuwa imeharibika, na usomaji wako ulichelewa. Jaribio hili usilifanye kamwe kwenye dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Dawa hiyo ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo huumiza mapafu. Dawa ya klorini hupausha rangi moja kwa moja, kwa hiyo kiashiria cha kabichi hakifai kuipima kwa njia yoyote kati ya hizi tatu. Ukiona rangi imetoweka ndani ya sekunde chache, hilo ndilo jibu: haipimiki hapa.

Upi uchague

Kama unataka kujua sampuli iko kwenye kipandio gani, hasa kuanzia buluu hadi kijani, chagua maji ya kuchemsha. Kwa uangalifu yanakupa usahihi wa karibu kipimo 1 cha pH, isipokuwa kati ya 4 na 7 ambako kabichi haitofautishi vizuri hata ufanye nini. Chini ya 2 nako nyekundu hubaki nyekundu. Kama unapima mara chache na hutaki kuchemsha kila mara, chagua spiriti, ukubali kupoteza kidogo katikati. Karatasi ichague kwa kupanga tu: hii ni asidi, hii ni besi, hii iko katikati.

Watu wengi huacha maji ya kuchemsha kwa sababu ya kuoza, lakini kuna njia. Kwenye jokofu hukaa siku 3 hadi 5. Kwenye friza, yakigandishwa katika trei ya barafu, kila kipande kikiwa na mililita 15 hivi, hukaa miezi. Yeyusha kipande kimoja unapohitaji, na kabla ya kupima chochote tia tone 1 kwenye siki na tone 1 kwenye kaboneti. Ukipata nyekundu safi na kijani safi, endelea. Kijani kikitoka na ukahawia, chukua kipande kingine.